Maelezo ya picha: "Mtaka cha mvunguni sharti ainame" (kalenda ya ukutani, ukurasa wa Aprili)

Ndugu mchoraji,

Karatasi A3 ya kulala, nukta 300 kwa inchi. Milimita 45 za chini ziache nyeupe. Methali itachapwa hapo, kwa hiyo usiiandike ndani ya picha.

Chora chumba cha nyumba ya mawe ya Lamu, asubuhi. Kitanda cha kamba kimeegemezwa ukuta wa chokaa, mfumbati wake uko sentimita 60 kutoka sakafuni. Jicho la mtazamaji liwe sentimita 12 tu juu ya sakafu. Hapo ndipo penye picha yote: atakayeitazama kalenda awe ameshainama kabla hajajua. Ukilipandisha jicho hadi usawa wa godoro, mvungu unageuka kuwa mstari mweusi na methali imekufa.

Mfumbati ukate picha kutoka ukingo hadi ukingo, mnene, umechakaa katikati. Huo ndio "sharti". Chini yake zionekane kamba za usumba zilivyosukwa, zimelegea katikati pale mtu alalapo, na nyuzi mbilitatu zimekatika na kuning'inia. Hapa usiharakishe, kamba hizi ndizo dari ya picha.

"Cha mvunguni" ni ufunguo mmoja wa shaba, karibu na tendegu la nyuma upande wa mchagoni, umelala ubavu kwenye vumbi. Usiuzidishe kuwa mkubwa wala usiung'arishe. Mng'ao mdogo kwenye meno yake unatosha. Mvunguni weka pia mbuzi ya kukunia nazi na kandambili moja, vyote gizani. Sarafu au vito usiweke: msomaji ataona tamaa, nasi tunataka haja.

Kushoto, kasha lenye kufuli. Juu yake kofia ya viua, imesimama wima: imevuliwa kwa makusudi, haikuanguka.

Kulia, mwanamume wa makamo. Bega na shavu viko juu ya mkeka, uso umegeukia ukutani, mkono wa kulia umenyooshwa, ncha za vidole zimebakiza sentimita 4 kuufikia ufunguo. Asipige magoti huku paji la uso likiwa chini, maana itasomeka kuwa sajda na hatutaeleweka tena. Kwa sababu hiyohiyo mkeka uwe wa ukindu wenye mistari, si msala.

Mwanga uingie kutoka kushoto, chini chini, uvuke ukindu na ukomee kwenye kiwiko. Rangi ni nne: nyeupe ya chokaa, hudhurungi ya usumba, kijani kilichopauka cha mkeka, na manjano ya shaba pekee kwenye ufunguo. Kufuli iwe ya chuma cheusi, isije ikashindana nao.

Anza kwa kunitumia mchoro wa penseli. Nitaufunika mkono kwa karatasi. Ikiwa ufunguo bado unaonekana mara moja, usogeze gizani zaidi kabla ya kutia rangi.