Mkokoteni wa Gurudumu Jekundu

Saa kumi na moja alfajiri soko la mitumba la Gikomba, Nairobi, huwa limeshaamka, na Mwende hakosi pale beli linapokatwa kamba, tochi ya simu mkononi. Biashara yake ni nguo za watoto. Huchagua kamera, zile za daraja la kwanza zisizo na doa, akaziuze Kayole. Fagia, yale mabaki ya daraja la mwisho, huwaachia wengine.

Miaka yote hiyo alikuwa akichagua kutoka kwa beli za watu. Sasa alitaka lake. Alikuwa na Sh82,000, zamu yake ya chama pamoja na akiba ya kujinyima, na shule zilikuwa karibu kufunguliwa.

Kevo hakuanza kwa kuomba pesa. Alimletea beli moja la sweta kwa Sh9,000, chini ya nusu ya bei ya sokoni. Mwende alilikata mwenyewe. Sweta zilikuwa nzito, zipu zinapanda bila kukwama, mbili bado zinaning'inia lebo za dukani. Ziliisha upesi. Watu husema anayetapeliwa ameponzwa na tamaa. Mimi sikubali. Huyu msichana alishika mali kwa mikono yake, akaiona ni nzuri, na faida akaila. Angemshukuje mtu kama huyo?

Kisha ikaja simu.

"Siste, kuna kontena limekwama bandarini Mombasa. Mwenyewe ameshindwa na ushuru, linapigwa mnada. Beli 8 za watoto, Sh10,000 kila moja. Nimekushikia. Lakini pesa iingie kabla ya saa kumi na mbili jioni, kuna mtu wa Eastleigh anazitaka zote."

Picha zikafuata kwenye WhatsApp: beli zimepangwa hadi darini. Mwende alipeleka pesa zake kwa wakala, akaziweka kwenye simu, akaanza kutuma. Jina lililotokea lilikuwa la mwanamke asiyemjua. Akasitisha.

"Huyo ni karani wetu," Kevo alimwambia. "Tuma tu, muda unaisha."

Alipitia kwa Mama Shiku, ambaye ameuza beli tangu Mwende hajazaliwa. Mama aliendelea kuhesabu noti zake.

"Mnada wa forodha hutangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, mwanangu. Mali unaikagua kwanza. Na pesa ya serikali haiendi kwa namba ya mtu. Hebu nione hizo picha."

Mwende alizikuza ili mama aone vizuri. Ya tatu ilikuwa na kitu pembeni, nusu yake imekatwa na ukingo: mkokoteni, gurudumu moja jekundu, jingine jeusi, na maandishi ya rangi nyeupe ubavuni, MUNGU NI MWEMA. Alihisi tumbo likimkata. Mkokoteni huo ndio uliombebea sweta zake hadi stejini.

"Huu ni wa Njoro," alisema. "Haujawahi kuvuka Mto Nairobi, sembuse kufika Mombasa."

Alimpigia Kevo, sauti akaituliza.

"Kaka, binamu yangu anakaa Changamwe. Anaenda sasa hivi kuziona. Akiziona tu, natuma zote."

Kimya. Kisha moto. "Kwani ile ya kwanza ilikuwa na shida? Unaniona mwizi?" Mwende hakujibu. "Sawa, tuma nusu." Hakujibu. "Basi tuma hata kumi, nikushikie nafasi."

Kutoka themanini hadi kumi kabla hata hajafungua mdomo! Akakata simu.

Ndipo akamkumbuka Akinyi wa soksi, safu ya nyuma. Juzi alimwona akicheka na Kevo. Alimkuta ameketi juu ya gunia, akipanga pahali pa kuweka beli zake.

"Umetuma?"

"Elfu thelathini. Saa saba. Kwani?"

Mwende alimweleza kwa maneno machache. Walituma ile meseji ya M-Pesa kwa 456 kuomba pesa zirudishwe, kisha wakaelekea kituo cha polisi cha Kamukunji, Akinyi akilia njia nzima na Mwende amemshika mkono. Kama pesa zilikuwa zimeshatolewa, hakuna aliyejua.

Afisa wa zamu alifungua kitabu cha matukio. Aliandika namba ya simu, lile jina la mwanamke, kiasi na saa.

"Huyu Kevo anakaa wapi?"

"Hatujui," Akinyi alisema.

Mwende aliweka simu yake juu ya kaunta, picha ya tatu ikiwa wazi.

"Lakini huyu wa mkokoteni tunamjua, afande. Bohari hii ya pichani aliingia mwenyewe, kwa hivyo anamjua mwenye nayo. Saa hizi yuko stejini anapakia. Twende nikuonyeshe."