Mpango wa Insha: Nini Kilikomesha Biashara ya Watumwa na Utumwa?

Swali (dakika 45, alama 25): "Kampeni za kimaadili ndizo zilizokomesha biashara ya watumwa na utumwa katika himaya ya Uingereza." Jadili.

Msimamo wa insha

Swali lina matukio mawili, nasi tutayatenga tangu utangulizi: sheria ya 1807 iliyopiga marufuku biashara, na sheria ya 1833 iliyofuta utumwa wenyewe. Majibu mengi huporomoka kwa kuyachanganya. Msimamo wetu: kampeni inaeleza vizuri 1807; kwa 1833, maasi ya watumwa yana uzito mkubwa kuliko yanavyopewa kwa kawaida; uchumi unaeleza zaidi masharti ya kukomesha kuliko sababu yake.

Aya ya 1: Kampeni, 1787–1807

Kamati ya London ya kupinga biashara ya watumwa iliundwa Mei 1787 na watu 12, tisa kati yao Wakweka, waumini wa dhehebu la Kikristo. Thomas Clarkson alikusanya ushahidi bandarini, mbunge William Wilberforce akausemea bungeni, na Olaudah Equiano, aliyewahi kuwa mtumwa, akachapisha maisha yake 1789. Mwaka 1792 Bunge lilipokea hati za maombi 519, zenye sahihi zinazokadiriwa 390,000. Familia nyingi zilisusia sukari ya Karibi.

Kipimo: kama maadili yangetosha, biashara ingekoma 1792. Bunge la chini lilikubali kuikomesha hatua kwa hatua, Bunge la Mabwana likakwamisha. Ushindi ulikuja baada ya mbinu ya mwanasheria James Stephen: sheria ya 1806 ilizuia Waingereza kuuza watumwa kwa makoloni ya kigeni, ikipitishwa kama hatua ya kivita dhidi ya Ufaransa. Wapinga utumwa walijua kuvaa joho la maslahi ya taifa. Mfano huu usiachwe, kwa sababu unaonyesha maadili na maslahi yakifanya kazi pamoja.

Aya ya 2: Uchumi

Mwanahistoria Eric Williams alidai mwaka 1944 kwamba mashamba ya Karibi yalikuwa yakididimia na ubepari wa viwanda haukuyahitaji tena. Mwanahistoria mwenzake Seymour Drescher akajibu 1977 kwamba biashara ya Karibi ilikuwa bado inakua hadi 1807. Tunamwelekea Drescher kwa 1807. Kwa 1833 Williams ana nguvu zaidi: wamiliki wengi walikuwa na madeni, na walishindana na sukari ya bei nafuu ya kwingineko. Hata hivyo Kuba na Brazili ziliendelea kufaidika na utumwa hadi 1886 na 1888. Uchumi peke yake hauui utumwa.

Ushahidi wa lazima: fidia ya pauni milioni 20 ilikwenda kwa wamiliki. Watumwa takribani 800,000 hawakulipwa hata senti, na wengi walifungwa katika "uanagenzi", yaani kuendelea kumfanyia kazi bwana yule yule bila ujira, kuanzia 1 Agosti 1834 hadi 1 Agosti 1838.

Aya ya 3: Upinzani wa watumwa (aya ndefu kuliko zote)

Tuanze Saint-Domingue, koloni la Ufaransa ambalo leo ni Haiti, Agosti 1791. Watumwa wa koloni tajiri kuliko yote ya Karibi waliasi, wakawashinda wenye mashamba, jeshi la Uingereza lililovamia 1793–1798, na jeshi la Napoleon; Haiti ikatangaza uhuru 1 Januari 1804. Matokeo yalikwenda pande mbili, na hapa ndipo majibu dhaifu hukosea: kwanza hofu ya maasi iliwapa wabunge kisingizio cha kuchelewesha, baadaye ikawashawishi wengine kwamba kuingiza Waafrika wapya ni kurundika baruti.

Halafu mfululizo: Barbados 1816, Demerara 1823, Jamaika Krismasi 1831. Samuel Sharpe, mhubiri wa Kibaptisti, alipanga mgomo wa kudai ujira uliogeuka vita. Wazungu waliouawa walikuwa 14. Watumwa zaidi ya 300 walinyongwa au kupigwa risasi kwa hukumu, Sharpe mwenyewe akinyongwa Mei 1832. Ukatili huo, pamoja na wamishonari waliofukuzwa na makanisa yaliyobomolewa, uliwasha upya kampeni Uingereza. Mageuzi ya Bunge ya 1832 yakapunguza viti vya watetezi wa mashamba, na sheria ikapita Agosti 1833.

Kiungo cha hoja: bila maasi, kampeni ilikuwa inaomba uhuru wa taratibu; bila kampeni, maasi yangezimwa kimya.

Aya ya 4: Kupima hoja kwa Zanzibar (fupi)

Mkataba wa Zanzibar na Uingereza wa 1845 na ule wa 1873 aliotia sahihi Sultani Barghash ilibana biashara ya baharini, lakini mashamba ya karafuu yaliendelea kutumia watumwa. Watoro walijenga makazi yao bara, kama Fuladoyo. Amri ya 1897 ilimtaka mtumwa aende mwenyewe kudai uhuru wake, na bwana akalipwa fidia. Iunganishwe na pauni milioni 20 za aya ya 2: Unguja nako, aliyefidiwa ni mwenye shamba.

Muda: dakika 5 kupanga, 5 utangulizi, 8 aya ya 1, 7 aya ya 2, 11 aya ya 3, 4 aya ya 4, 5 hitimisho linalojibu neno "ndizo".