Ukumbusho wa mchango wa mwezi

Habari za jioni wapendwa. Poleni na majukumu.

Nawakumbusha kuwa mchango wetu wa shilingi 50,000 mwisho ni Ijumaa hii, tarehe 5, saa 12 jioni. Mpaka sasa wametuma watu 7 kati ya 12, yaani 350,000 ipo tayari. Ahsanteni sana mliowahi. Bado 250,000.

Zamu hii ni ya dada yetu anayeezeka nyumba. Ameshaongea na fundi, mabati anayachukua Jumamosi asubuhi. Pesa ikifika nusu nusu, ataishia kulipia nusu ya paa na mvua ndizo hizi zimeanza. Tusimfikishe huko.

Tumeni kwenye namba ileile ya kikundi, na jamani, wekeni na ya kutolea. Mwezi uliopita kila mtu alituma 50,000 kavu, makato yakamwangukia mpokeaji. Ukitumia simu ya mtu mwingine, leta ujumbe wa muamala hapa uandike na jina lako, nisije nikakuhesabu hujalipa.

Faini ya kuchelewa ni 5,000 kama tulivyokubaliana kikaoni, na itaanza kuhesabiwa Jumamosi asubuhi bila kumwangalia mtu usoni. Mwenye dharura ya kweli anipigie kabla ya Alhamisi tuone namna ya kusaidiana. Simu ya Ijumaa usiku sitaipokea kama udhuru.

Nawapenda wote.
Mweka hazina