Ombi la kubadilishiwa kituo cha mtihani

Rehema Salim Juma,
Nyumba Namba 27,
Mtaa wa Mkuyuni.

9 Juni 2025

Mkuu wa Ofisi,
Ofisi ya Mitihani.

Ndugu,

YAH: OMBI LA KUHAMISHWA KITUO CHA MTIHANI KUTOKA NAMBA 0417 KWENDA NAMBA 0562 – MTAHINIWA NAMBA 0417/0083

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mtahiniwa wa kujitegemea. Nilijisajili mwezi Februari mwaka huu kufanya mtihani wa masomo matatu, yaani Hisabati, Kemia na Kiswahili, katika kituo namba 0417. Wakati huo nilikuwa nikiishi umbali wa dakika 20 kwa miguu kutoka kituoni, na ndiyo sababu nilikichagua.

Tarehe 17 Mei 2025 nilihama. Mwenye nyumba tuliyokuwa tumepanga aliiuza, na mnunuzi akahitaji kuingia mwenyewe, hivyo halikuwa jambo la hiari. Sasa naishi kwa anwani iliyo juu ya barua hii. Kutoka hapa hadi kituo namba 0417 ni kilomita 140. Basi la kwanza huondoka saa 12:00 asubuhi na kufika saa 3:00, ilhali kwa mujibu wa ratiba mtihani unaanza saa 2:00. Hata nikiamka alfajiri ya mapema kiasi gani, nitamkuta msimamizi ameshafunga mlango. Kulala huko karibu na kituo kwa siku zote za mtihani sina uwezo nako, kwa kuwa karatasi zangu zimetawanyika katika majuma matatu.

Kwa hiyo naomba nihamishiwe kituo namba 0562, ambacho kiko karibu na ninapoishi sasa. Kabla ya kuandika barua hii nilikwenda kituoni hapo kuulizia. Mratibu wa mitihani aliniambia nafasi ipo na kwamba maabara yao inapokea watahiniwa wa Kemia kwa vitendo, ila hawezi kuniandikisha mpaka apate idhini ya ofisi yako. Mkuu wa kituo namba 0417 naye nimemwarifu, na amenipa barua fupi ya kutokuwa na pingamizi.

Kuhusu uthibitisho wa makazi, naomba nieleze kidogo ili nyaraka zisije zikaleta utata. Mkataba wa pango una jina langu na unaanza tarehe 17 Mei 2025. Bili ya umeme ya mwezi Mei ni ya nyumba hiyohiyo, lakini imetoka kwa jina la mwenye nyumba, kama ilivyo kawaida kwa wapangaji wengi. Ndiyo maana nimemwomba aandike barua, akaitia saini, kuthibitisha kwamba naishi kwake na kwamba mita iliyotajwa kwenye bili ni ya nyumba namba 27. Kitambulisho changu bado kinaonyesha anwani ya zamani. Nimeshaomba kingine, na stakabadhi ya maombi hayo nimeiweka pamoja na nakala. Jina langu na tarehe ya kuzaliwa ni zilezile katika nyaraka zote. Nikihitajika kuleta nakala halisi, nitazileta siku yoyote nitakayoambiwa.

Jambo moja linanitia wasiwasi kuliko mengine. Alama zangu za mazoezi ya Kemia zilikusanywa na kituo cha zamani. Iwapo ombi hili litakubaliwa, naomba alama hizo zihamishwe pamoja na jina langu, na nijulishwe kama nitapewa namba mpya ya mtahiniwa au nitaendelea na hii niliyo nayo. Nitahitaji pia hati mpya ya kuingilia mtihani, kwa kuwa niliyopewa imeandikwa kituo cha zamani.

Mtihani unaanza tarehe 6 Oktoba 2025. Endapo kuna fomu maalumu au ada ya uhamisho, naomba nielekezwe nami nitatimiza mara moja. Na kama haitawezekana kunihamisha, ningeshukuru kupata jibu la maandishi kabla ya mwisho wa mwezi Julai, ili nianze mapema kutafuta ndugu au rafiki wa kunihifadhi huko. Namba ya simu niliyojaza kwenye fomu ya usajili haijabadilika, lakini barua zitumwe kwa anwani mpya; ile ya zamani hakuna tena wa kunipokelea.

Natanguliza shukrani.

Wako mtiifu,

R. S. Juma
Rehema Salim Juma
Mtahiniwa Namba 0417/0083

Viambatisho:
Nakala ya mkataba wa pango
Bili ya umeme, Mei 2025
Barua ya mwenye nyumba
Nakala ya kitambulisho na stakabadhi ya maombi ya kipya
Barua ya mkuu wa kituo namba 0417
Nakala ya hati ya kuingilia mtihani

Nakala kwa:
Mkuu wa Kituo Namba 0417
Mratibu wa Mitihani, Kituo Namba 0562