Giza Limeingia, Nami Nipo Kwetu

(Maneno ya kulalia, ya mama na mtoto wa miaka sita, nyumba ya mabati mjini Tanga. Baba yuko baharini na wavuvi wa dagaa. Mama anasema taratibu. Mtoto anaitikia penye herufi za mlazo.)

Njoo, mwanangu, jilaze. Neti imeshuka. Mlango wa nje una komeo, nimelitia mwenyewe na wewe umeniona. Vuta pumzi polepole. Itoe polepole. Haya, tuseme.

*Giza limeingia, nami nipo kwetu.*
*Nipo kwetu, nipo salama, nalala.*

Nazima taa. Sasa ni weusi mtupu, eti? Usiyaharakishe macho. Mboni zinafunguka kidogo kidogo, kidogo kidogo. Hesabu nami kwa kunong'ona mpaka kumi, na tukifika kumi turudie tena, hatuna haraka.

Umeona? Dirisha hilo limerudi. Kabati hilo limerudi. Na yule aliyesimama ukutani hana kichwa, mwangalie vizuri. Shati juu, kaptura chini. Sare yako ya shule hiyo, kwenye msumari wake, na kifungo kimoja hakipo kwa sababu ulikitafuna.

*Macho yangu yanazoea, polepole, polepole.*
*Chumba ni kile kile, vitu ni vile vile.*
*Giza limeingia, nami nipo kwetu.*

Sasa tusikilize. Usiku una kelele zake, na kila sauti ina mwenyewe.

Ta! Ta! juu ya dari. Mabati hayo. Mchana jua liliyachoma yakatanuka, sasa yanapoa, yanarudi mahali pake.

*Kila sauti ina mwenyewe, na mwenyewe namjua.*

Makelele mwembeni, fyarakata fyarakata kwenye majani. Popo hao, wanagombania embe moja na zimejaa mti mzima.

*Kila sauti ina mwenyewe, na mwenyewe namjua.*

Tke-tke-tke, karibu na dirisha. Mjusi wa ukutani. Anakula mbu usiku kucha wala hadai mshahara.

*Kila sauti ina mwenyewe, na mwenyewe namjua.*

Na bundi je? Bundi watu wazima wanamsingizia mengi. Mwenyewe anatafuta panya, basi. Akilia, mwache na kazi yake.

*Kila sauti ina mwenyewe, na mwenyewe namjua.*
*Nipo kwetu, nipo salama, nalala.*

Unamuwaza baba. Baba analitaka giza hili hili. Mbalamwezi ikiwaka sana dagaa wanatawanyika, taa ya chombo hawaijali. Ndiyo maana siku zile anashinda hapa nyumbani, anashona nyavu na kukusumbua. Mwezi ukipotea, anawasha taa juu ya maji, na dagaa wanaijia kutoka huko chini, wengi, wengi, mpaka maji yanameta. Wale tuliokula leo na ugali, uliowatoa vichwa ukavipanga ukingoni mwa sahani, walikuja kwa giza. Baba yako haogopi giza. Anaogopa upepo wa kusi, na leo hauvumi.

*Giza la baharini ni la kazi, baba yumo kazini.*
*Giza la chumbani ni la kulala, nami nimo kitandani.*
*Giza limeingia, nami nipo kwetu.*

Na woga ukija, uje. Hatuufukuzi kwa fimbo. Weka mkono kifuani, hapo panapodunda. Du, du. Du, du. Mwambie: moyo wangu, nakusikia.

*Naogopa kidogo, na nipo salama.*
*Naogopa kidogo, na mama yupo.*
*Naogopa kidogo, na usingizi unakuja.*

Mara ya pili, sauti ndogo zaidi.

*Naogopa kidogo, na nipo salama.*
*Naogopa kidogo, na mama yupo.*
*Naogopa kidogo, na usingizi unakuja.*

Miguu imekimbia kutwa nzima. Ilale.
Magoti yameparuzwa ukutani kwa jirani. Yalale.
Mikono imechezea matope, imenawa. Ilale.
Mdomo umeuliza maswali yote ya dunia. Ulale nao.
Macho yamezoea, polepole, polepole. Yalale.

*Nipo kwetu, nipo salama, nalala.*
*Nipo kwetu, nipo salama...*

Alamsiki, mwanangu.

*Binuru, mama.*

Mimi nipo chumba cha pili, mlango nauacha wazi. Ukiita "Mama!" mara moja, nitaitika "Abee!" Ukiita mara mbili, nimeshafika. Na mkojo ukikubana usijikaze mpaka asubuhi kama juzi. Niamshe, twende wote uani, tochi iko chini ya mto wangu. Haya, ingiza huo mguu ndani ya neti, mbu hawajui kama wewe ni jasiri.