Dada Rehema, cheti cha wale Wavietnamu kiko tayari

Shikamoo dada, nimemaliza kukitafsiri ila kabla hujampa wakili soma hapa kwanza, kuna vitu kwenye ule mkataba wa korosho haviendani na cheti.

Juu kabisa nimeandika JAMHURI YA KISOSHALISTI YA VIETNAM, chini yake Kujitawala – Uhuru – Furaha, halafu CHETI CHA USAJILI WA KAMPUNI, KAMPUNI YA DHIMA YENYE KIKOMO, YENYE WANACHAMA WAWILI AU ZAIDI. Najua ni refu ila usikubali walifupishe libaki "limitedi" tu, maana kule ile TNHH, yaani dhima yenye kikomo, ya mwanachama mmoja ni aina nyingine na kampuni ya hisa nayo ni nyingine, na hawa wawili waliotoa mtaji ni wanachama, sio wanahisa kama mkataba unavyosema. Jina la kampuni nimeliacha na alama zake zote.

Namba ya kampuni ina tarakimu 10 na ndiyo hiyohiyo namba ya kodi, kwa hiyo wasiwadai nyingine. Usajili wa kwanza 12/03/2019, mabadiliko ya tatu 14/08/2023. Mtaji wa katiba 20.000.000.000 dongi, wenzetu wanatenga maelfu kwa nukta, mimi nimeweka koma na nimeandika kwa maneno, bilioni ishirini, mtu asije akasoma elfu ishirini.

Mwakilishi wa kisheria cheo chake ni Giám đốc, yaani Mkurugenzi. Mkataba umeandika Mkurugenzi Mkuu, hicho kwao ni Tổng giám đốc, cheti hakikusema hivyo, naomba sana warekebishe.

Chini kwenye saini kuna herufi mbili, KT., ndogo lakini zina uzito, maana yake anasaini badala ya bosi wake, nimeandika:

KWA NIABA YA MKUU WA OFISI YA USAJILI WA BIASHARA
NAIBU MKUU
[saini, muhuri mwekundu wa duara umefunika upande wa kushoto wa saini]

Kwa hiyo aliyesaini ni naibu, nisingeweza kumpandisha cheo. Idara nimeiita Idara ya Mipango na Uwekezaji ya Mkoa wa Bình Phước, na wakiuliza mbona haipo waambie 2025 kazi zake zilihamia Idara ya Fedha, halafu 1/7/2025 Bình Phước ikaunganishwa na Đồng Nai, lakini cheti ni cha 2023 na mimi natafsiri kilichoandikwa, siwezi kukibadilishia jina.

Nyuma ya kopi kuna muhuri mwingine wa Kamati ya Watu ya kata, huo unathibitisha tu kwamba kopi inalingana na orijino, nimeutafsiri peke yake ukurasa wa pili usichanganywe na wa msajili. Maneno mawili pembeni ya muhuri huo yamefutika kwenye skani nikaweka [haisomeki], wakikutumia picha safi leo jioni nayajaza usiku huuhuu.