Lango la Maombi ya Ufadhili: Shahada ya Uzamili

Karibu. Fomu hii ina sehemu nne: taarifa zako, maelezo ya masomo, viambatisho na tamko. Si lazima uijaze kwa mkao mmoja, na unaweza kuanza na sehemu yoyote isipokuwa tamko, ambalo hufunguka pale tu sehemu nyingine zote zinapokuwa na alama ya kijani.

Dirisha la maombi linafungwa tarehe 30 Aprili saa 5:59 usiku kwa saa ya UTC, yaani 23:59 kwa mtindo wa saa 24. Muda unaohesabika ni wa seva yetu, si wa kifaa chako. Ukibonyeza «Wasilisha» dakika moja baada ya hapo, mfumo utakataa, na hatuna kitufe cha siri cha kukufungulia.

Kuhifadhi rasimu

Mfumo hujihifadhia wenyewe kila unapotoka kwenye kisanduku kimoja kwenda kingine. Ukitaka kuwa na uhakika, bonyeza «Hifadhi rasimu» chini ya ukurasa na usubiri maneno haya yatokee: «Rasimu imehifadhiwa», pamoja na saa. Yasipotokea, haijahifadhiwa, hata kama maandishi yako bado unayaona kwenye skrini.

Usipogusa chochote kwa dakika 30, utatolewa kwenye akaunti. Hili huwaumiza zaidi wanaoandika insha ya malengo moja kwa moja ndani ya kisanduku: kisanduku ni kimoja, kirefu, na mtu anaweza kufikiri kwa nusu saa nzima bila kuandika neno. Andika insha yako kwenye programu nyingine, kisha inakili uibandike hapa. Kikomo ni maneno 500. Kihesabio kikigeuka chekundu, maneno yaliyozidi hayatahifadhiwa.

Usifungue fomu kwenye simu na kompyuta kwa wakati mmoja. Kifaa kitakachohifadhi mwisho ndicho kitakachoshinda, na majibu uliyoandika kwenye kile kingine yatafutika bila onyo. Mtandao ukikatika, utaona ukanda wa njano juu ya ukurasa: «Huna mtandao. Ulichoandika hakijahifadhiwa.» Usifunge ukurasa wala usiupakie upya, subiri ukanda utoweke, kisha hifadhi.

Rasimu si ombi. Kamati haizioni rasimu, haizisomi na haizihesabu. Rasimu isiyowasilishwa hufutwa siku 90 baada ya dirisha kufungwa.

Viambatisho

Pakia cheti cha shahada ya kwanza, matokeo ya kila mwaka wa masomo, kitambulisho au pasipoti, barua ya kukubaliwa na chuo, na picha ya uso. Barua ya mapendekezo usiipakie wewe: ukishaingiza barua pepe ya anayekupendekeza, mfumo utamtumia kiungo chake, na hutaweza kusoma alichoandika.

Kila hati isizidi MB 2, na iwe PDF. Picha ya uso isizidi KB 500, iwe JPG au PNG. Viambatisho vyote kwa pamoja visizidi MB 8. Matokeo yenye kurasa nyingi yaunganishwe kuwa faili moja, kwa mpangilio wa miaka.

Hapa ndipo waombaji wengi hukwama, kwa hiyo tueleze kidogo. Ukurasa wa A4 ukiskaniwa kwa rangi, nukta 300 kwa inchi, huwa na nukta 2480 kwa 3508. Kabla ya kubanwa ni karibu MB 26. Ukishusha hadi nukta 150, idadi ya nukta inabaki robo tu, na herufi za cheti cha kawaida bado zinasomeka vizuri. Ukichagua kijivu badala ya rangi, uzito unapungua tena. Basi kabla ya kutafuta tovuti ya kubana mafaili, rudi kwenye mipangilio ya skana. Tovuti hizo ni za watu usiowajua, na unachowakabidhi ni pasipoti yako.

Ukitumia kamera ya simu, laza hati mezani karibu na dirisha na upige kutoka juu kabisa. Angalia pembe zote nne. Sehemu inayokatwa mara nyingi ni ya chini, na huko ndiko saini ya msajili na muhuri hukaa. Cheti kisichoonyesha muhuri kitarudishwa. Baadhi ya simu huhifadhi picha kwa muundo wa HEIC. Kubadilisha jina kutoka `picha.heic` kuwa `picha.jpg` hakubadilishi kilichomo ndani, na mfumo utagundua hivyo na kuikataa. Badilisha muundo kwenye mipangilio ya kamera, kisha piga upya; picha ya hati uigeuze kuwa PDF kabla ya kuipakia.

Hati ambayo haiko kwa Kiswahili au Kiingereza iambatane na tafsiri iliyothibitishwa, ndani ya faili hilohilo, hati asili ikitangulia.

Ujumbe unaoweza kuuona:

«Faili hili lina MB 3.4. Kikomo ni MB 2. Majibu yako mengine yako salama.» Punguza ukubwa, kisha pakia tena, faili jipya litachukua nafasi ya la zamani.

«Faili limefungwa kwa nenosiri.» Ondoa nenosiri. Hatutakuuliza nenosiri hilo kwa simu wala kwa barua pepe. Atakayekuuliza si mtu wetu.

«Inapakia… 100%» haimaanishi kazi imekwisha. Subiri neno «Imepokelewa», kisha bonyeza «Tazama» uone ulichotuma. Fanya hivyo kwa kila faili. Wapo waliowahi kutuma risiti mahali pa cheti.

Tamko la mwombaji

Soma kila kauli kabla ya kuweka alama. Hakuna kitufe cha kukubali zote kwa mara moja, na tumefanya hivyo makusudi.

1. Ninatamka kwamba taarifa nilizotoa ni za kweli na kamili kadiri ninavyojua, na kwamba hati nilizopakia ni nakala halisi za hati zangu.

2. Insha ya malengo nimeiandika mwenyewe. Maneno ya watu wengine niliyoyatumia nimeonyesha nilikoyatoa.

3. Nimetaja ufadhili mwingine wowote ninaoupokea au niliouomba kwa masomo haya. Nikipata mwingine baada ya kuwasilisha, nitatoa taarifa ndani ya siku 14.

4. Ninaruhusu ofisi ya ufadhili kuwasiliana na vyuo vilivyotoa vyeti vyangu ili kuvihakiki. Taarifa zangu zitumike kwa ajili ya ombi hili tu.

5. Ninaelewa kwamba ikibainika nimedanganya au nimeficha jambo la msingi, ombi langu litafutwa, na kama nimeshapewa ufadhili, ninaweza kutakiwa kurudisha fedha.

Kauli ya tatu haikunyimi nafasi. Kuwa na maombi mengine ni jambo la kawaida. Kinachoharibu ni kuyaficha.

Kama mtu mwingine amekusaidia kujaza fomu, tamko bado ni lako. Andika jina lako kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho: hiyo ndiyo saini yako.

Kuwasilisha

Ukibonyeza «Wasilisha», utaulizwa: «Una uhakika? Baada ya hapa hutaweza kubadilisha chochote.» Chagua «Rudi nikague» au «Ndiyo, wasilisha». Bonyeza mara moja tu, hata kama ukurasa unachelewa.

Ombi likipokelewa, utaona namba yenye herufi UM na tarakimu sita, na nakala ya fomu yako itatumwa kwa barua pepe. Usipoiona ndani ya saa moja, angalia kwenye folda ya barua taka, kisha ingia tena kwenye akaunti: palipoandikwa «Rasimu» panapaswa sasa kusomeka «Limewasilishwa». Kama bado panasema «Rasimu», hujawasilisha.